Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: kwa nini kugawa data ya mahali kwa nasibu huvujisha majibu

Ukurasa huu ni wa wanaofundisha modeli kutabiri kitu chenye mahali pake duniani: bei ya kiwanja, mavuno ya mahindi, uzito wa miti msituni, hali ya maisha ya kijiji. Mara nyingi modeli hizi hupata alama nzuri mezani, kisha zikipelekwa wilaya ambayo haina data zinatoa majibu ya ovyo. Chanzo kikubwa ni namna data ilivyogawanywa kabla ya kupimwa, kwa hiyo majibu mengi hapa chini yanazunguka jambo hilo.

Otokorelesheni ya mahali ni nini hasa?

Ni hali ya vipimo vilivyochukuliwa karibu karibu kufanana kuliko vilivyochukuliwa mbali. Ukipima rutuba ya udongo kwenye shamba moja, kisha ukapima tena hatua 50 mbele, namba ya pili hutofautiana kidogo tu na ya kwanza. Ukienda kilomita 50, lolote laweza kutokea. Mwanajiografia Waldo Tobler aliliweka jambo hili wazi mwaka 1970, kwenye kazi yake kuhusu ukuaji wa jiji la Detroit: kila kitu kina uhusiano na kila kingine, lakini vilivyo karibu vina uhusiano mkubwa zaidi. Miaka karibu 20 kabla yake, Danie Krige alikuwa tayari anautumia ufanano huo kukadiria dhahabu kwenye migodi ya Witwatersrand, Afrika Kusini, kwa kuyapa uzito masampuli ya jirani.

Sababu zake ni za aina mbili. Ya kwanza ni kwamba majirani wanashiriki chanzo kimoja: mvua ile ile, mwamba ule ule, barabara ile ile. Ya pili ni kwamba jirani humwathiri jirani: ugonjwa wa migomba huhama shamba hadi shamba, na bei ya nyumba moja hupandisha matarajio ya muuzaji wa nyumba ya pili. Kwa suala letu hapa aina zote mbili zina matokeo yale yale, kwamba ukijua thamani ya nukta moja, unajua mengi kuhusu nukta ya pembeni yake.

Sasa hilo linavujishaje taarifa, wakati nukta za majaribio sikuzitumia kufundishia?

Nukta zenyewe hukuzitumia, lakini majirani zao umewatumia. Ukigawa kwa nasibu, asilimia 80 ya kufundishia na 20 ya kujaribia, kila nukta ya majaribio inabaki imezungukwa na nukta za mafunzo zinazobeba karibu jibu lile lile. Modeli haihitaji kuelewa chochote kuhusu udongo au mvua. Inatosha imkumbuke jirani.

Hili linaweza kukokotolewa kwa kalamu, na nashauri kila mtu alikokotoe walau mara moja. Chukua eneo la mraba lenye upande wa kilomita 100, lenye nukta 500 zilizotawanyika ovyo. Tuseme ufanano kati ya nukta mbili unapungua kwa kanuni hii, ambapo `d` ni umbali kwa kilomita:

```
rho(d) = exp(-d / 10)
```

Ukichukua asilimia 80, unabaki na nukta 400 za mafunzo kwenye kilomita za mraba 10,000, yaani 0.04 kwa kila kilomita ya mraba. Nukta zikitawanyika kwa nasibu, wastani wa umbali hadi jirani wa karibu zaidi ni nusu ikigawanywa kwa kipeuo cha pili cha msongamano huo: 0.5 / 0.2, sawa na kilomita 2.5. Kwa umbali huo ufanano ni exp(-0.25), karibu 0.78. Ukitabiri nukta ya majaribio kwa kutumia jirani mmoja peke yake, R² utakayotarajia ni mraba wa 0.78, takriban 0.6.

Yaani modeli isiyo na kitabiri hata kimoja, isiyojua mvua wala udongo wala mwinuko, inaeleza asilimia kama 60 ya tofauti zote. Ukiwatumia majirani watano badala ya mmoja, alama itapanda zaidi. Sasa ipeleke modeli hiyo hiyo kwenye wilaya iliyo kilomita 30 kutoka nukta ya mafunzo iliyo karibu zaidi. Ufanano ni exp(-3), yaani 0.05, na R² ni 0.0025. Kwa vitendo ni sifuri. Modeli haijabadilika, kilichobadilika ni umbali tu.

Kwa hiyo 0.6 ile si uongo. Inajibu swali la kujaza mapengo ya kilomita mbili au tatu katikati ya vipimo ulivyonavyo. Kosa linaingia pale unapoitumia kama jibu la swali la wilaya jirani.

Mimi sikuweka latitudo na longitudo kwenye modeli. Bado kuna tatizo?

Bado lipo, na hapa ndipo wengi wanapojikwaa, maana wanadhani kufuta safu mbili za kuratibu kumemaliza kazi.

Tazama vitabiri vya kawaida: wastani wa mvua kwa mwaka, wastani wa joto, mwinuko, umbali hadi barabara ya lami. Kila kimoja ni ramani inayobadilika polepole. Ukiviunganisha, vinakuwa anwani. Pikseli yenye mvua ya milimita 1,642, joto la nyuzi 24.3, mwinuko wa mita 612 na barabara iliyo kilomita 17 huenda isiwe na pacha popote kwenye nchi nzima isipokuwa pikseli zinazoizunguka. Modeli ya miti mingi ya maamuzi ina uwezo wa kukata data mara nyingi mfululizo hadi ifike kwenye kona hiyo ndogo, kisha iseme: hapa thamani huwa 310. Imejifunza mahali, ingawa hukuiambia mahali.

Ndiyo maana kadiri modeli inavyokuwa na uwezo mkubwa wa kukariri, ndivyo pengo kati ya alama ya nasibu na alama ya kweli linavyopanuka. Regresheni ya mstari yenye vitabiri vinne haiwezi kukariri kona. Miti 500 ya maamuzi yenye vitabiri 40 inaweza vizuri sana.

Kuna mfano halisi ambapo hili limeonekana kwa kiwango kikubwa?

Upo, na uko karibu nasi: misitu ya Bonde la Kongo. Mwaka 2020 Pierre Ploton na wenzake walichapisha kwenye jarida la Nature Communications uchunguzi uliotumia orodha ya miti milioni 11.8 iliyopimwa Afrika ya Kati. Data ya namna hii hutokana na kampuni za mbao, ambazo hulazimika kuhesabu miti kwenye vitalu vyao vya uvunaji kabla ya kukata. Kila mti unapimwa kipenyo, na kutoka hapo inakadiriwa biomasi, yaani uzito mkavu wa miti kwa kila hekta. Namba hiyo ndiyo msingi wa hesabu za kaboni.

Walifundisha modeli ya miti mingi ya maamuzi kwa picha za setilaiti pamoja na takwimu za mazingira kama hali ya hewa na sura ya ardhi. Hii ndiyo njia ile ile iliyokwisha kutumika kutengeneza ramani nyingi za kaboni duniani. Walipoipima kwa mgawanyo wa nasibu, modeli ilieleza zaidi ya nusu ya tofauti za biomasi. Mtu angeweza kuichapisha ramani hapo hapo.

Kisha wakaipima upya kwa kuzitenga nukta za majaribio mbali na za mafunzo. Uwezo wa kutabiri ukashuka hadi karibu na sifuri. Ukiangalia muundo wa data unaelewa kwa nini. Biomasi ya misitu ile ilikuwa na ufanano unaofika mbali, zaidi ya kilomita 100, na vitabiri vya hali ya hewa vina ufanano mrefu vilevile. Vitalu vya uvunaji navyo vimepimwa kwa wingi ndani ya mipaka yake, na kati ya kitalu na kitalu kuna nafasi kubwa zisizo na kipimo chochote. Ukigawa kwa nasibu, karibu kila nukta ya majaribio inaangukia ndani ya kitalu ambacho modeli imekiona. Lakini ramani inatengenezwa kwa ajili ya zile nafasi za katikati, na huko modeli haikuwa na jirani wa kumnakili.

Jambo moja linanigusa katika kisa hiki. Data ilikuwa nyingi kupita kiasi, na wingi haukuokoa kitu. Kuongeza miti milioni nyingine ndani ya vitalu vile vile kungeongeza majirani tu, na alama ya nasibu ingezidi kung'aa.

Nitajuaje kama alama yangu imevuja?

Kuna majaribio matatu, na la mwisho ndilo ninaloliamini zaidi.

La kwanza: fundisha modeli nyingine kwa latitudo na longitudo peke yake, kisha ipime kwa mgawanyo ule ule wa nasibu. Ikikaribia alama ya modeli yako yenye vitabiri 40, basi vitabiri vyako havijathibitisha chochote bado.

La pili: tengeneza vitabiri bandia. Chora nyuso laini za nasibu zisizo na uhusiano wowote na unachotabiri, ziweke badala ya mvua na mwinuko, kisha upime. Mwaka 2018 Yoan Fourcade na wenzake walifika mbali zaidi. Walichukua michoro ya sanaa wakaitandaza juu ya ramani na kuitumia kama vitabiri vya mahali wanapoishi viumbe. Mara nyingi modeli zile zilipata alama ambazo kwa kawaida huitwa nzuri. Rangi za mchoro hazina habari yoyote kuhusu wanyama, ila nazo hubadilika polepole kutoka kona moja hadi nyingine, na hilo pekee linatosha kumtambulisha jirani.

La tatu: kwa kila nukta ya majaribio, kokotoa umbali hadi nukta ya mafunzo iliyo karibu zaidi, kisha panga makosa kwa makundi ya umbali. Kosa likiwa dogo chini ya kilomita 2, likaongezeka mara mbili kwenye kilomita 10, na likazidi kupanda baada ya hapo, unaona kwa macho yako kwamba modeli inaishi kwa ujirani. Kosa likibaki karibu sawa kwa umbali wote, modeli imejifunza kitu kinachosafiri. Tatizo ni kwamba mgawanyo wa nasibu hauzalishi nukta za mbali za kutosha kulifanya jaribio hili, kwa hiyo itakubidi ugawe kwa vitalu kwanza.

Nagawaje kwa vitalu, na kitalu kiwe na ukubwa gani?

Unakata eneo lako kwa miraba, kila nukta inapewa jina la mraba wake, na mraba mzima unakwenda upande mmoja: ama mafunzo, ama majaribio. Kwa Python inatosha hivi, ambapo miraba inagawanywa katika mafungu matano na kila fungu linakuwa la majaribio kwa zamu:

```python
from sklearn.model_selection import GroupKFold, cross_val_predict
from sklearn.metrics import r2_score

upande = 30_000  # mita
safu = (df["x"] // upande).astype(int).astype(str)
mstari = (df["y"] // upande).astype(int).astype(str)
kitalu = safu + "_" + mstari

utabiri = cross_val_predict(modeli, X, y, groups=kitalu,
                            cv=GroupKFold(n_splits=5))
print(r2_score(y, utabiri))
```

Hapa `x` na `y` lazima ziwe mita, si digrii. Ukiwa na kuratibu za GPS zigeuze kwanza. Kwa Dar es Salaam, kwa mfano, `EPSG:32737` inafaa. Ukisahau hatua hii, nchi yako yote itaingia kwenye miraba michache tu na `GroupKFold` italalamika kwamba makundi hayatoshi. Hapo angalau utajua kuna kasoro.

Ukubwa wa kitalu unatokana na variogramu. Chukua jozi zote za nukta, zipange kwa umbali, na kwa kila kundi la umbali kokotoa nusu ya wastani wa mraba wa tofauti zao. Kwa umbali mdogo namba ni ndogo kwa sababu majirani wanafanana. Kadiri umbali unavyokua nayo inapanda, kisha inafika mahali inalala. Umbali ule inapolala ndio mwisho wa ufanano. Katika mfano wetu wa exp(-d / 10), mwisho huo kwa vitendo ni kilomita 30, ambapo ufanano umebaki 0.05.

Wengine huchora variogramu ya kile wanachotabiri, wengine ya mabaki, yaani tofauti kati ya kipimo na utabiri. Mabaki ya modeli iliyokariri hudanganya: kwa kuwa modeli imeshameza ufanano wote kwenye data ya mafunzo, variogramu ya mabaki inalala mapema na unapata vitalu vidogo mno. Ukitaka kutumia mabaki, tumia yale yaliyotoka kwenye mafungu ambayo modeli haikuyaona.

Halafu kuna kingo. Vitalu viwili vinavyogusana vikiwekwa pande tofauti, nukta za mpakani bado ni majirani. Kwenye mraba wa kilomita 30, sehemu ya katikati iliyo zaidi ya kilomita 5 kutoka ukingoni ina upande wa kilomita 20, yaani kilomita za mraba 400 kati ya 900. Zaidi ya nusu ya nukta ziko ndani ya kilomita 5 za ukingo. Kwa hiyo kitalu chenye upande sawa na umbali wa variogramu bado kinavuja kidogo. Ongeza upande, au acha ukanda wa kinga: kabla ya kufundisha, ondoa kila nukta ya mafunzo iliyo ndani ya umbali fulani kutoka kwenye nukta yoyote ya majaribio.

R² ya kitalu kimoja imetoka hasi tano. Nimeharibu nini?

Huenda hujaharibu kitu. R² hulinganisha makosa yako na mtawanyiko wa data ndani ya kile kitalu, na kitalu kimoja mara nyingi hakina mtawanyiko. Chukua kitalu cha msitu ambapo biomasi inacheza kwa mkengeuko sanifu wa tani 8 tu kwa hekta. Modeli ikikosea kwa tani 20, R² ni 1 - 400/64, yaani -5.25. Kosa lile lile la tani 20, likipimwa kwenye nchi nzima yenye mkengeuko wa tani 90, linatoa 1 - 400/8100, yaani 0.95.

Ndiyo maana msimbo hapo juu unakusanya utabiri wote kwanza na kukokotoa R² mara moja, badala ya kuchukua wastani wa R² za mafungu. Bora zaidi ni kuripoti pia kosa lenyewe kwa kizio chake, tani kwa hekta au shilingi kwa mita ya mraba. Kizio hakibadiliki kwa sababu tu umebadilisha kitalu.

Natumia data ya kaya za DHS pamoja na picha za setilaiti. Nigawe kwa kaya?

Hapana, usigawe kwa kaya kabisa. Kwenye DHS, yaani tafiti za kitaifa za idadi ya watu na afya, kaya za eneo moja la uchunguzi hupewa kuratibu moja. Ukizigawa kaya kwa nasibu, picha ile ile inaonekana upande wa mafunzo na upande wa majaribio, na modeli inachotakiwa kufanya ni kuitambua picha.

Kugawa kwa maeneo ya uchunguzi ni afadhali, ila bado hakutoshi. Ili kulinda faragha, DHS husogeza kuratibu: hadi kilomita 2 mjini, hadi kilomita 5 vijijini, na asilimia 1 ya maeneo ya vijijini hadi kilomita 10. Kwa sababu hiyo watafiti hukata picha pana ili kijiji halisi kiwemo ndani. Tuseme umekata picha za kilomita 10 kwa 10, na maeneo mawili yako kilomita 4 mashariki na magharibi mwa kila mmoja. Picha zao zinapishana kwa kilomita 6 kwa 10. Asilimia 60 ya ardhi ni ile ile, ingawa kwenye jedwali lako ni mistari miwili yenye namba tofauti. Mijini, ambako maeneo ya uchunguzi yamebanana, hili hutokea kila mara. Kabla ya kufundisha, hesabu ni jozi ngapi za mafunzo na majaribio zina picha zinazopishana. Lengo ni sifuri.

Kama unataka kutabiri nchi ambayo haijafanyiwa utafiti, basi acha nchi nzima nje. Christopher Yeh na wenzake walifanya hivyo kwenye kazi yao ya mwaka 2020 kuhusu hali ya maisha Afrika, na modeli yao bado ilieleza takriban asilimia 70 ya tofauti za utajiri wa vijiji kwenye nchi ambazo haikufundishwa kwazo. Naitaja kwa makusudi, kwa sababu wapo wanaoogopa kwamba mgawanyo mkali utaua kila modeli. Paa za bati, barabara na taa za usiku ni ishara zinazosafiri kutoka nchi hadi nchi. Modeli iliyojifunza kitu cha namna hiyo hupita mtihani mgumu.

Basi nitumie vitalu daima na niachane kabisa na nasibu?

Hapana. Mwaka 2021 Alexandre Wadoux na wenzake walionyesha upande wa pili, wakitumia ramani ya biomasi ya Amazoni. Kama sampuli zako zimechaguliwa kwa nasibu ya kweli juu ya eneo lote unalolichora, basi kila mahali kwenye ramani pana jirani aliyepimwa, na umbali wa matumizi ni ule ule wa majaribio. Hapo uhakiki wa nasibu unatoa jibu sahihi, na vitalu vitakufanya uonekane mbaya kuliko ulivyo. Nakubaliana nao. Lakini sharti lao ni zito. Data nyingi tunazoshika zimekusanywa kando ya barabara, karibu na vituo vya utafiti, au ndani ya vitalu vya mbao, wala si kwa kupiga kura juu ya ramani.

Kinachoamua ni umbali. Chukua kila pikseli unayotaka kutabiri, upime umbali wake hadi kipimo kilicho karibu zaidi, upate mtawanyiko wa umbali huo. Kisha pima umbali kutoka kila nukta ya majaribio hadi nukta ya mafunzo iliyo karibu zaidi chini ya mgawanyo wako. Mitawanyiko hiyo miwili ikifanana, mgawanyo wako unapima kazi yenyewe. Ikiwa pikseli za ramani ziko wastani wa kilomita 40 kutoka kipimo chochote, na nukta zako za majaribio ziko kilomita 3, unajua alama yako imetoka wapi. Carles Milà na wenzake walitengeneza mwaka 2022 njia ya kugawa inayoilinganisha mitawanyiko hii moja kwa moja. Kwa wanaotumia R, kifurushi cha `CAST` kinayo ndani ya `nndm()`.

Mimi huchora mitawanyiko hiyo miwili kwenye grafu moja kabla ya kufundisha chochote. Inachukua dakika chache, na mara nyingi inamaliza mjadala wote wa nasibu dhidi ya vitalu.

Nimeweka wastani wa bei ya kata kama kitabiri. Kuna shida?

Ipo kama wastani huo umekokotolewa kabla ya kugawa, kwa maana bei za nyumba za majaribio zimo ndani yake. Kwenye kata yenye nyumba nne tu, robo ya kitabiri chako ni jibu lenyewe. Ukokotoe upya ndani ya kila fungu, kwa nyumba za mafunzo pekee. Kata ambayo haina nyumba ya mafunzo hata moja ipewe wastani wa wilaya, maana ndivyo itakavyokuwa siku ya matumizi.

Vitalu nitumie kwenye upimaji wa mwisho tu, au hata nikichagua vitabiri na mipangilio ya modeli?

Kote. Ukichagua mipangilio kwa mgawanyo wa nasibu, utachagua miti mirefu yenye majani ya nukta moja moja, kwa sababu hiyo ndiyo inayomkumbuka jirani vizuri zaidi. Vivyo hivyo kwenye vitabiri: nasibu itakupendekezea vile vinavyofanya kazi ya anwani, kama umbali hadi pwani au wastani wa joto. Kisha unapima kwa vitalu mwishoni na kushangaa alama ilivyoanguka, kumbe ungechagua kwa vitalu tangu mwanzo ungepata modeli nyepesi zaidi inayovuka mipaka vizuri. Ndani ya data ya mafunzo ya kila fungu, kata tena vitalu vidogo vya kuchagulia.

Baada ya kupima, modeli ya mwisho niifundishe kwa data ipi?

Kwa data yote. Vitalu ni vya kupimia, na ukishapata alama yako hakuna sababu ya kumnyima jirani nafasi ya kusaidia pale alipo. Jirani ni msaada halali kabisa kwenye ramani, ndiyo maana kazi ya Krige bado inatumika.

Ila usiipake ramani yote rangi moja ya uhakika. Hanna Meyer na Edzer Pebesma walipendekeza mwaka 2021 kukokotoa, kwa kila pikseli, jinsi vitabiri vyake vinavyotofautiana na vile vya data ya mafunzo, na kuziwekea alama pikseli zilizo nje ya mipaka ambayo makosa yaliyopimwa bado yana maana. `CAST` inalo hilo pia, kwa jina `aoa()`. Kwa ramani ya biomasi ya Bonde la Kongo, maeneo hayo ya nje yanaweza kuwa makubwa. Yaache ya kijivu, na kwenye maelezo ya ramani andika kosa kwa tani kwa hekta pamoja na umbali ambao kosa hilo lilipimiwa.